Hasara Inayosafiri: Mgodi Unachimba Dhahabu, Kodi ya Faida Hailipwi

Kuna swali moja ambalo limerudi tena na tena katika barua za wasikilizaji wa kipindi hiki, na kila linaporudi huja na hasira. Inakuwaje mgodi unachimba dhahabu, unaisafirisha, bei yake inatangazwa duniani kote, halafu mwisho wa mwaka kampuni inasema imepata hasara na haina kodi ya mapato ya kulipa? Na inakuwaje ikaja kupata faida, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na bado ikasema haidaiwi?

Jibu la haraka linalotolewa vijiweni ni kwamba tumeibiwa. Huenda mahali fulani tuliibiwa kweli, na nitafika huko. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya sheria yenyewe, tena katika kanuni ambayo si mbaya hata kidogo, na ambayo mwenye kiwanda kidogo anaihitaji kuliko mwenye mgodi. Wahasibu huiita kubeba hasara mbele. Maana yake ni kwamba hasara ya mwaka huu haifi tarehe 31 Desemba. Inavuka mwaka, inasafiri, na inapokutana na faida ya mwaka mwingine inaipunguza kabla kodi haijahesabiwa.

Tuanze na mdogo. Chukua kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti pale Singida. Mfano huu ni wa kubuni, ila hesabu zake ni za kawaida. Mwaka wa kwanza mvua zinagoma, mbegu zinapanda bei, mashine inaharibika. Kampuni inapata hasara ya shilingi milioni 40. Mwaka wa pili mambo yanatengemaa, inapata faida ya milioni 25. Mwaka wa tatu faida ya milioni 30. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida.

Kama kila mwaka ungehukumiwa peke yake, mwaka wa kwanza kampuni isingelipa kitu, mwaka wa pili ingelipa milioni 7.5, na mwaka wa tatu milioni 9. Jumla milioni 16.5. Sasa tazama miaka yote mitatu kwa pamoja. Faida ni 55, hasara ni 40, kilichobaki kwa mwenye kampuni ni milioni 15 tu. Kodi ya milioni 16.5 ingezidi kila alichopata! Angekuwa amefanya kazi miaka mitatu ili alipe kodi na kukopa milioni moja na nusu ya kuimalizia.

Kwa kubeba hasara mbele hesabu inakwenda hivi. Mwaka wa pili, faida ya 25 inamezwa yote na hasara ya 40, na hasara iliyobaki ni 15. Mwaka wa tatu, faida ya 30 inapunguzwa 15, inabaki 15 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni milioni 4.5. Hiyo ni asilimia 30 ya milioni 15, yaani asilimia 30 ya kile kilichopatikana kweli. Msomaji aangalie jambo moja hapa: hasara ya milioni 40 haikumpunguzia kodi ya milioni 40. Ilimpunguzia milioni 12, ambayo ni asilimia 30 ya hiyo hasara. Wapo wafanyabiashara wanaodhani shilingi ya hasara ni shilingi ya kodi, na wanashangaa makadirio yakija. Tena serikali haikumrudishia fedha mwaka ule wa hasara. Alibaki na karatasi tu ya kusubiri faida. Asingepata faida, ile karatasi isingekuwa na thamani yoyote.

Kanuni hii ina historia, nayo haikuanzia kwetu. Uingereza, ambako sheria zetu za kodi zilichotwa, zamani haikuwa na haja kubwa ya kubeba hasara kwa sababu mfanyabiashara alitozwa kwa wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Mwaka mbaya ulijificha ndani ya wastani. Utaratibu huo ulikuwa na kero yake: mtu aliyefanya vizuri miaka mitatu kisha akaanguka alijikuta anadaiwa kodi ya neema wakati yumo katika dhiki. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza liliufuta wastani huo, likaamua mtu atozwe kwa mwaka mmoja mmoja, na ili kuziba pengo likaruhusu hasara ibebwe mbele kwa miaka 6. Mwaka 1952 ukomo huo ukaondolewa, hasara ikaachwa isafiri hadi ikutane na faida.

Kodi ya mapato ilifika Kenya mwaka 1937 na Tanganyika mwaka 1940, kisha ikaendeshwa kwa pamoja katika nchi za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipoanza kuyumba, Tanzania ikatunga Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973. Baadaye ikaja ya mwaka 2004. Katika hiyo ya 2004 hasara ya biashara iliruhusiwa kubebwa mbele bila ukomo wa miaka. Hadi hapo, ndugu msomaji, hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupiga kelele. Kelele zilitoka ardhini, kule Kanda ya Ziwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilifungua milango kwa wachimbaji wakubwa. Sheria ya Madini ilipitishwa mwaka 1998, na mwaka huo huo mgodi wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu Nzega. Geita ukafuata mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Ili kuwavuta wenye mitaji, sheria za kodi na mikataba iliyosainiwa wakati ule vilitoa nafuu mbili ambazo, zikikutana na hasara inayosafiri, zinafanya kazi kama sumaku mbili.

Nafuu ya kwanza ilikuwa kuruhusu gharama yote ya kujenga mgodi ihesabiwe kama matumizi mara moja, asilimia 100, badala ya kugawanywa kidogo kidogo kwa miaka ya maisha ya mitambo. Ya pili ilikuwa nyongeza ya asilimia 15 kila mwaka juu ya sehemu ya mtaji ambayo bado haijarudishwa na mapato. Yaani mtaji uliobaki haukusubiri tu faida. Ulikua wakati unasubiri.

Hapa inabidi nitumie penseli, na msomaji achukue yake. Tuseme mgodi umejengwa kwa dola milioni 300, na kila mwaka, ukitoa mishahara, mafuta, baruti na gharama nyingine zote za uendeshaji, unabakiwa na dola milioni 60. Nazifanya namba ziwe nyepesi makusudi. Mgodi halisi una namba zenye mikia.

Kwanza tuchukue ile nafuu ya asilimia 100 peke yake. Mwaka wa kwanza, 60 inatolewa katika 300, inabaki hasara ya 240 inayobebwa mbele. Mwaka wa pili inabaki 180, wa tatu 120, wa nne 60, na wa tano sifuri. Kwa miaka mitano hakuna kodi ya faida. Mwaka wa sita mgodi unalipa asilimia 30 ya 60, yaani dola milioni 18, na unaendelea hivyo. Unaweza kulalamika kwamba ni miaka mingi, lakini hakuna kilichopotea hapo isipokuwa muda. Mwenye mgodi alitoa 300 mfukoni, akarudishiwa 300, kisha akaanza kulipa kodi ya faida.

Sasa ongeza asilimia 15, tukichukulia kwamba kilichoongezwa nacho kinaingia katika salio la mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza inabaki 240 kama mwanzo. Kabla ya hesabu ya mwaka wa pili, ile 240 inavimba kuwa 276. Ukitoa 60 inabaki 216. Hiyo nayo inavimba kuwa 248.4, ukitoa 60 inabaki 188.4. Endelea hivyo hivyo na utaona kwamba mwisho wa mwaka wa tano, wakati ambapo bila nyongeza salio lingekuwa limekwisha, huyu bado anadai dola milioni 120 na ushei. Mwaka wa sita na wa saba vilevile hatoi kitu. Kodi ya kwanza inatoka mwaka wa nane, nayo ni dola milioni 7.7 hivi. Yule wa hesabu ya kwanza, kufikia mwisho wa mwaka huo wa nane, angekuwa amekwisha kulipa milioni 18 mara tatu, yaani 54.

Tofauti ya milioni 46 si ya muda tu. Haiji kulipwa baadaye. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba lawama zote za migodi ni za watu wasiojua uhasibu. Kubeba hasara uliyoipata kweli ni haki. Kubeba hasara ambayo hukuipata, iliyozaliwa na asilimia 15 juu ya karatasi, ni zawadi, na zawadi inapaswa kuitwa kwa jina lake ili wananchi waamue kama walitaka kuitoa. Mtetezi wake atasema kwamba mtaji una riba yake na mwenye kuweka fedha porini anastahili fidia ya kungoja. Sawa. Lakini mwenye kiwanda cha alizeti Singida naye alingoja, na hasara yake ya milioni 40 haikuongezewa hata senti. Kila mwaka bei zinapanda naye anabaki na namba ile ile ya zamani, inayosinyaa kwa thamani.

Nafuu hiyo ya asilimia 15 baadaye ilifutwa kwa migodi mipya, ila mikataba ya zamani iliendelea kuilinda. Serikali ikalazimika kukaa mezani na kampuni moja baada ya nyingine kuomba iondolewe. Wale waliofuatilia Bunge mwaka 2007 watakumbuka mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London mwezi Februari mwaka huo, na hoja ya Mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, iliyoishia kwa yeye kusimamishwa ubunge kwa muda mwezi Agosti. Watu wengi walikumbuka kusimamishwa, wakasahau kwamba miongoni mwa mambo yaliyokuwa yakibishaniwa ni hiyo hiyo asilimia 15. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto mwenyewe akawa mjumbe wake. Ripoti ilitoka mwaka 2008.

Mwaka huo wa 2008 ndipo lilipowekwa jiwe la kwanza la kuzuia mkondo. Kampuni iliyoonyesha hasara miaka mitatu mfululizo ilitakiwa kulipa kodi ya kima cha chini, asilimia 0.3 ya mauzo yake ghafi, hata kama vitabu vyake vinaonyesha hasara. Kiwango hicho kimepandishwa miaka ya baadaye. Kwa mgodi wetu wa mfano, tuseme unauza dhahabu ya dola milioni 150 kwa mwaka, ingekuwa dola 450,000. Si kitu kikubwa, lakini hoja ni kwamba mauzo ni magumu kufichwa kuliko faida. Ubaya wake ni kwamba kodi ya mauzo haitofautishi mwongo na mwenye shida ya kweli. Mkamua alizeti aliyeanguka miaka mitatu naye anachapwa fimbo hiyo hiyo.

Nimesema huenda mahali fulani tuliibiwa. Njia ya kujua si kupima ukubwa wa hasara, maana hasara kubwa yaweza kuwa halali kabisa. Njia ni kuangalia fedha zinakwenda wapi wakati hasara inaandikwa. Kesi iliyotufundisha hilo ni ya African Barrick Gold, kampuni iliyosajiliwa Uingereza na kuorodheshwa katika soko la hisa la London mwaka 2010, ikimiliki migodi ya Bulyanhulu, North Mara na Buzwagi. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kampuni hiyo iliwalipa wanahisa wake gawio. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ikauliza swali ambalo hata muuza duka angeuliza: kama migodi yako yote iko Tanzania, na migodi hiyo kwa hesabu za kodi ina hasara, gawio limetoka wapi?

Tafadhali tusikimbie. Swali hilo lina jibu la halali na jibu lisilo la halali. La halali ni lile la penseli yetu. Mgodi wa mfano ulikuwa na dola milioni 60 taslimu mkononi kila mwaka, huku karatasi ya kodi ikionyesha hasara ya 240. Fedha zipo, faida ya kodi haipo. Kwa hiyo mtu kuwa na hasara ya kodi na fedha za kugawa kwa wakati mmoja si muujiza. Lisilo la halali ni pale faida inapohamishwa nje kwa njia za ndani ya familia ya kampuni, ili hapa ibaki hasara na kule ionekane neema.

TRA ilidai kampuni hiyo mama iwe mkaazi wa Tanzania kwa kodi na ilipe kodi ya zuio juu ya magawio hayo. Machi 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua upande wa TRA, kwa kiasi cha dola milioni 41.25, tena kwa maneno makali kuhusu mpango mzima. Kampuni, ambayo wakati huo iliitwa Acacia, ilikana na kukata rufaa. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo mwaka 2020. Angalia kwamba kesi haikuvunja haki ya kubeba hasara. Ilipita mlango wa pembeni, ikakamata gawio.

Mlango wa mbele ulifungwa nusu mwaka huo huo wa 2016, kwa Sheria ya Fedha. Kwa migodi, hasara za nyuma zikaruhusiwa kumeza asilimia 70 tu ya faida ya mwaka. Asilimia 30 lazima ibaki na itozwe kodi. Baadaye kanuni inayofanana na hiyo ikaletwa pia kwa kampuni nyingine zenye hasara za miaka minne mfululizo.

Turudi kwa mgodi wetu, bila ile asilimia 15. Mwaka wa kwanza bado unaacha hasara ya 240. Mwaka wa pili, faida ni 60; hasara inaruhusiwa kumeza 42 tu. Inabaki 18, kodi yake ni dola milioni 5.4. Hivyo hivyo hadi mwaka wa sita, kila mwaka 5.4, jumla 27. Mwaka wa saba hasara iliyosalia ni 30, inamezwa yote, inabaki faida ya 30, kodi 9. Jumla ya miaka saba ni milioni 36. Sasa jumlisha ule utaratibu wa zamani wa miaka mitano ya sifuri: mwaka wa sita 18, mwaka wa saba 18. Ni 36 vilevile! Kanuni ya asilimia 70 haikuongeza senti moja ya kodi. Imebadilisha ratiba tu, lakini kwa nchi inayolipa walimu kila mwezi, milioni 5.4 kuanzia mwaka wa pili si sawa na milioni 18 kuanzia mwaka wa sita. Na kuna faida nyingine ambayo haionekani katika hesabu: mgodi ukifungwa mapema, au bei ikianguka, kilichokwisha kulipwa kimelipwa.

Wenzetu Kenya walichagua kamba ya aina nyingine. Badala ya kupunguza kiasi, walikata miaka. Kuanzia mwaka 2010 hasara ilipewa miaka 4 tu ya kuishi baada ya mwaka ilipozaliwa. Biashara zenye mtaji mkubwa zikalalamika kwamba hasara zao zinakufa kabla mitambo haijaanza kuzaa, ikaongezwa kuwa miaka 9, kisha mwaka 2021 ukomo ukafutwa kabisa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikaurudisha, safari hii miaka 5. Kwa maoni yangu njia ya kukata miaka inamwonea anayekomaa polepole, mwenye shamba la miti au hoteli, na haimgusi mjanja anayejua kupanga lini aonyeshe faida.

Kuna ujanja mwingine ambao sheria yetu ya 2004 iliuona mapema. Kama hasara ina thamani, basi kampuni mfu yenye hasara nyingi inaweza kuuzwa kama gunia la mahindi. Mwenye biashara ya faida anainunua, anaingiza faida yake humo, na hasara za marehemu zinaimeza. Kwa hiyo sheria inasema umiliki ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, hasara za kabla ya mabadiliko haziendelei kubebwa, isipokuwa kampuni ikiendelea na biashara ile ile kwa miaka miwili. Anayetaka kununua kampuni kwa sababu ameambiwa ina hasara nzuri ya kodi, aanze kwa kusoma kifungu hicho, si kwa kutoa malipo ya awali.

Na kwa msomaji mwenye hisa zake chache pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, mahali pa kuiona hasara inayosafiri ni katika mizania ya kampuni, kwenye mstari unaoitwa mali ya kodi iliyoahirishwa. Kampuni inapoandika hapo shilingi bilioni 3, kwa kodi ya asilimia 30, na kama zote zimetokana na hasara, inakwambia kwamba ina hasara za bilioni 10 inazotegemea kuzitumia. Neno ni kutegemea. Wakaguzi huiruhusu iandikwe iwapo tu wanaamini faida itakuja. Ukiona mwaka mmoja mstari huo umefutwa ghafla na hesabu zimeshuka kwa kiasi hicho hicho, wakurugenzi wenyewe wamekwisha kukata tamaa ya kupata faida, hata kama barua ya mwenyekiti katika ukurasa wa kwanza bado inazungumzia matumaini.